Waifai Inayozimika Saa Mbili Usiku: Swichi Kongwe Inapougawia Umeme Mdogo Mtambo Mpya

Katika nyumba moja ya wageni ya Mji Mkongwe, Unguja, niliitwa kutazama waifai ambayo, kwa maneno ya dada wa mapokezi, hapo awali ilikuwa hafifu mchana kutwa, na sasa ikifika usiku inakufa kabisa. Dada huyo alikuwa amefanya jambo ambalo wateja wachache hulifanya: kila mgeni aliposhuka ngazi kulalamika, aliandika saa na namba ya chumba kwenye daftari la mapokezi. Ukurasa wa juzi yake ulikuwa na saa 2:10, saa 2:31, saa 2:47, saa 3:15, na kuendelea hivyo hadi saa 5 kasoro, halafu kimya mpaka asubuhi. Vyumba vyote vilivyoandikwa vilikuwa vya ghorofa ya pili.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vipya. Miezi michache kabla, mwenye nyumba alikuwa amenunua akses pointi sita, yaani vifaa vinavyorusha waifai, za kizazi cha Wi-Fi 6, zenye antena nne kwa masafa ya gigahezi 5, akazifunga palepale zilipokuwa zile za zamani, kwa kebo zilezile na swichi ileile. Swichi hiyo ya poti 24 ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 15, nayo ndiyo iliyokuwa ikizipa akses pointi data na umeme kwa pamoja kupitia kebo moja, utaratibu ambao kwenye maboksi ya vifaa huandikwa PoE. Akses pointi za zamani zilikula umeme kidogo na hazikuwahi kulalamika, kwa hiyo ilionekana dhahiri kwamba kosa liko kwenye akses pointi mpya. Nami ningefikiri hivyo, laiti dalili zisingekuwa mbili zisizofanana. Waifai hafifu ya mchana na waifai inayojizima usiku zilikuwa na chanzo kimoja, lakini kila moja ilipita njia yake, na ya pili ilizaliwa na mtu aliyejaribu kuitibu ya kwanza.

Ili njia hizo zionekane, inafaa kwanza kuangalia umeme huu unavyotolewa, kwa sababu hautolewi kama ule wa tundu la ukutani. Tundu la ukutani lina umeme wakati wote, uchomeke pasi au usichomeke. Poti ya swichi yenye PoE haina umeme wa kazi mpaka iridhike kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachostahili kuupokea. Kebo inapochomekwa, swichi hutuma volti chache tu, chini ya 11, ili kupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa takriban omu 25,000, ambayo ndiyo alama ya kifaa cha PoE. Kompyuta ya kawaida haina alama hiyo, na ndiyo maana haiungui ikichomekwa kwenye poti hiyo. Alama ikipatikana, swichi hupandisha volti hadi kati ya 15 na 20 hivi kwa muda mfupi sana na kutazama kifaa kinavuta mkondo kiasi gani. Mkondo huo ni kama jibu la swali "wewe ni wa daraja gani?" Kifaa kikivuta kati ya miliampea 26 na 30 kimesema kwamba ni cha daraja la 3, kikivuta takriban miliampea 40 kimesema kwamba ni cha daraja la 4. Baada ya hapo ndipo volti 48 za kazi hufunguliwa. Mazungumzo yote haya huchukua muda usiofika sekunde mbili, na hufanyika kabla akses pointi haijawaka.

Tatizo la nyumba ile ya wageni lilikuwa ndani ya neno "daraja la 4". Kiwango cha kwanza cha PoE, kiitwacho 802.3af, kilitolewa na taasisi ya IEEE mwaka 2003, na kinairuhusu poti itoe hadi wati 15.4. Katika kiwango hicho daraja la 4 lilikuwepo kwenye orodha lakini lilikuwa limewekwa akiba tu, halina maana yoyote, na swichi iliyotengenezwa kwa kiwango hicho ikikutana nalo hulichukulia kama daraja 0, yaani kifaa kisichojitambulisha, kisha hukipa wati zilezile 15.4. Kiwango cha pili, 802.3at, kilikuja mwaka 2009 na ndicho kilicholipa daraja la 4 maana ya wati 30. Kwa hiyo akses pointi mpya iliposema "mimi ni wa daraja la 4", ilikuwa inaomba wati 30, na swichi kongwe ilisikia neno ambalo kwenye kamusi yake halikuwa na tafsiri. Ilifungua umeme hata hivyo. Taa ya poti ikawaka kijani, akses pointi ikawaka, na kila aliyekuwepo akaamini kwamba kazi imekwisha.

Hata hizo wati 15.4 hazifiki zote. Kebo yenyewe ina ukinzani, na sehemu ya umeme huishia kuwa joto njiani. Watunga kiwango walikadiria hali mbaya kabisa, yaani mkondo wa miliampea 350 ukipita kwenye omu 20 za kebo ya mita 100, ambayo hupoteza wati 2.45, wakaandika kwamba kifaa kisitegemee zaidi ya wati 12.95. Kwa 802.3at hesabu hiyohiyo, kwa kebo bora zaidi, huacha wati 25.5 kati ya 30. Karatasi ya maelezo ya akses pointi tulizokuwa nazo ilisema kwamba kifaa kinaweza kula hadi wati 20.5. Namba hiyo inakaa vizuri chini ya 25.5 na inapita mbali juu ya 12.95.

Mwenye nyumba alinionesha ubavu wa swichi, ambako palikuwa pameandikwa wati 370, akauliza kwa haki kabisa inakuwaje vifaa sita vya wati 20 vishindwe na swichi yenye wati 370. Swali hili huwachanganya hata mafundi. Wati 370 ni bajeti ya swichi nzima: ni poti 24 mara wati 15.4. Bajeti hiyo haihami kutoka poti moja kwenda nyingine ili kuvuka kikomo cha poti. Ni sawa na jengo lenye mabomba 24 membamba kutoka kwenye tangi moja kubwa. Kufunga mabomba 18 hakulifanyi moja la yale sita yaliyobaki kuwa nene. Upo ugonjwa mwingine, wa bajeti nzima kuisha, unaozipata zaidi swichi ndogo za poti nane zenye wati 60 hivi, ambapo kifaa cha mwisho kuchomekwa hunyimwa umeme kabisa. Lakini kifaa kilichonyimwa kwa sababu ya bajeti kwa kawaida hakiwaki hata mara moja. Zetu zilikuwa zinawaka.

Sasa tuje kwenye udhaifu wa mchana. Watu wengi hudhani kwamba akses pointi yenye umeme mdogo hufifia kama tochi ya betri inayokwisha. Haifanyi hivyo hata kidogo. Ndani yake kuna kigeuzi cha umeme kinachotoa volti zilezile thabiti kwa prosesa na redio, iwe kebo inaleta volti 48 au 40. Kinachotokea ni uamuzi. Swichi ya 802.3at hukipa kifaa cha daraja la 4 ishara ya kuulizwa daraja mara mbili badala ya mara moja, au huzungumza nacho baada ya kuwaka kwa itifaki ya LLDP, ambapo kifaa huomba wati kwa hatua za sehemu moja ya kumi ya wati na swichi hukubali au hukataa. Akses pointi iliyoulizwa mara moja tu, na isiyokubaliwa wati zaidi kwa LLDP, inaelewa kwamba iko kwenye swichi ya zamani na kwamba inalazimika kubaki chini ya wati 13. Basi inajipunguza kwa hiari yake. Zetu zilikuwa zinazima antena mbili kati ya nne za gigahezi 5, zinapunguza nguvu ya zile zilizobaki kwa nusu, na kuifunga poti ya pili ya mtandao.

Nguvu inayorushwa hewani na antena ni ndogo mno ukilinganisha na wati za kebo. Antena moja hurusha kama miliwati 100, yaani sehemu moja ya kumi ya wati. Lakini vikuza mawimbi vinavyoilisha hupoteza umeme mwingi kwa joto, na prosesa inayoshughulikia antena nne hufanya kazi zaidi ya ile ya antena mbili, kwa hiyo redio ndipo mahali pa kwanza pa kubana matumizi. Hesabu yake ni hii: antena nne za miliwati 100 hurusha jumla ya miliwati 400, antena mbili za miliwati 50 hurusha 100. Kushuka mara nne ni desibeli 6, na mahali pa wazi desibeli 6 hukata umbali kwa nusu. Aidha, antena zilizozimwa hazirushi wala hazisikii, kwa hivyo simu ya mgeni iliyo chumba cha mwisho, ambayo yenyewe ina nguvu kidogo, husikika vibaya zaidi kuliko awali. Katika nyumba ya kuta za gipsamu pengine asingelalamika mtu. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zinakaribia nusu mita kwa unene, na hapo desibeli 6 ndizo zinazotenganisha chumba chenye waifai na chumba kinachofuata kisichokuwa nayo.

Hali hiyo ni hafifu lakini ni tulivu. Akses pointi iliyojibana inaweza kukaa mwaka mzima bila kujizima. Kilichoharibu mambo ni fundi aliyetangulia, ambaye alifungua ukurasa wa mipangilio, akaona onyo kwamba kifaa kiko kwenye hali ya umeme mdogo, akaona chini yake kisanduku cha kupuuza onyo hilo, akakiwekea tiki. Simlaumu sana. Kisanduku kile kipo kwa sababu ya kweli: kuna vyanzo vya umeme vyenye uwezo wa kutoa wati 30 lakini ambavyo havijui kuuliza mara mbili wala kusema LLDP, hasa vile vilivyotengenezwa kabla ya 2009, na mtumiaji mwenye chanzo kama hicho anahitaji njia ya kuiambia akses pointi "umeme upo, usiogope". Tiki ile haileti umeme. Ni kauli tu, na kwenye swichi ya 802.3af ni kauli ya uongo. Akses pointi iliiamini, ikawasha antena zote nne kwa nguvu kamili, waifai ikang'aa mpaka chumba cha mwisho, na fundi akalipwa akaondoka mchana.

Usiku wageni walirudi kutoka ufukweni na Forodhani, wakafungua video. Hapo ndipo kigeuzi cha umeme nilichokitaja kinapogeuka kuwa tatizo. Kwa kuwa kinahakikisha redio inapata wati zake hata iweje, volti za kebo zikishuka hufidia kwa kuvuta mkondo zaidi. Mkondo ukizidi, kebo hupoteza volti zaidi. Volti zikishuka tena, mkondo huongezwa tena. Kebo ya ghorofa ya pili ilikuwa na urefu wa kama mita 60, ambao nauhesabu kuwa omu 7.5 kwenda na kurudi. Akses pointi iliyojibana, ikila wati 11.5, inavuta miliampea 250 kutoka kwenye swichi ya volti 48, na kebo inapoteza nusu wati tu. Akses pointi iliyoachiliwa, ikifika wati 18, inavuta miliampea 400. Kebo sasa inapoteza wati 1.2, akses pointi inabakiwa na volti 45, na poti ya swichi inatoa wati 19.2 wakati ilikusudiwa kutoa 15.4.

Miliampea 400 ni namba ya kukumbukwa. Kwa kiwango cha 802.3af, swichi ya volti 48 inaruhusiwa kuihesabu poti kuwa imezidiwa popote kati ya takriban miliampea 320 na 400, na hali hiyo ikidumu kwa milisekunde 50 hadi 75 hukata umeme. Upana huo wa kati ya 320 na 400 ndio unaofanya akses pointi ileile idumu kwenye swichi ya jirani na kuanguka kwenye yako, na hata idumu kwenye poti moja na kuanguka kwenye nyingine. Milisekunde 75 ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mtu aliyesimama na mita mkononi hawezi kuuona. Mita ya kawaida itamwambia kwamba wastani ni wati 15 na kwamba mambo ni shwari.

Baada ya kukata, swichi hupumzika kidogo na kuanza upya kuuliza alama na daraja, kisha hufungua umeme tena. Akses pointi huchukua dakika mbili au tatu kuwaka. Katika dakika hizo redio zimezimwa na matumizi ni madogo, kwa hiyo kila kitu huonekana salama. Redio zinawaka, simu ishirini na kitu zinarudi kwa pamoja, video zinaendelea pale zilipoishia, na ndani ya dakika chache mkondo unagusa kikomo tena. Ndiyo maana daftari la mapokezi lilionesha vipindi vya dakika 16, 21 na 28 badala ya muda mmoja unaojirudia, na ndiyo maana lilinyamaza baada ya saa 5, wageni walipolala. Kifaa kibovu kingejizima hata alfajiri.

Nilipofika asubuhi sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya daftari hilo. Akses pointi zote zilikuwa zimewaka, na ile ya ghorofa ya pili ilionesha kwamba haijazimika kwa zaidi ya saa tisa. Niliingia kwenye swichi na kuuliza hali ya poti zake kwa amri ya `show power inline`. Mstari wa poti ya 7 ulikuwa huu:

```
Fa0/7   auto   on   15.4   Ieee PD   4   15.4
```

Hapo chanzo chote kimeandikwa katika mstari mmoja, mtu akijua kuusoma. Namba 4 ni daraja ambalo kifaa kimelitaja, 15.4 ya mwisho ni kikomo cha poti. Kifaa cha daraja la 4 kwenye poti yenye kikomo cha 15.4 ni kifaa kilichopewa nusu ya kilichoomba, na hilo linaonekana hata siku ambayo hakuna aliyelalamika. Maneno na mpangilio hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini karibu kila swichi inayosimamiwa ina mahali panapoonesha daraja na kikomo.

Kumbukumbu za matukio zilikuwa ngumu zaidi kuzitumia, kwa sababu saa ya swichi haikuwahi kuwekwa. Swichi ile ilikuwa inaamini kwamba tuko Machi 1993, kama nyingi za aina yake zinavyofanya umeme ukirudi na hakuna wa kuziambia tarehe. Niliiwekea saa sahihi, nikaondoka, nikarudi baada ya isha na kukaa mapokezi karibu na lile daftari. Saa 2:24 mgeni wa chumba cha mwisho alishuka. Kwenye swichi, dakika ileile, ulikuwepo mstari huu:

```
%ILPOWER-3-CONTROLLER_PORT_ERR: Controller port error,
Interface Fa0/7: Power Controller reports power Imax error detected
```

`Imax` hapo ni mkondo uliovuka kikomo. Mstari huu una thamani kubwa kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo mgeni aliyelala chumbani hawezi kuyatofautisha. Akses pointi ikianguka kwa kosa la programu yake, swichi huona data ikikatika kwenye poti, lakini umeme unaendelea kutoka kama kawaida, na akses pointi yenyewe ikiwaka mara nyingi huwa na sababu iliyoandika kabla ya kuanguka. Ikianguka kwa kukatiwa umeme, swichi huandika tukio la umeme, na akses pointi haina la kusema, kwani haikupewa nafasi ya kuandika chochote. Ukiona ukurasa wa akses pointi unadai tu kwamba kifaa kimewashwa, bila sababu, na swichi ina mstari wa umeme wa dakika hiyohiyo, huhitaji kuhangaika na kusasisha programu.

Kwa swichi isiyosimamiwa, ambayo haina kumbukumbu, jaribio rahisi ni kuondoa tiki ile na kuiacha akses pointi ijibane kwa usiku mmoja. Waifai ikirudi kuwa hafifu lakini ikakoma kuzimika, umepata jibu bila kununua kitu. Tulifanya hivyo saa 3 usiku uleule, na daftari halikuandikwa tena hadi asubuhi, isipokuwa mgeni mmoja aliyeuliza kwa nini intaneti ni ya polepole.

Kabla ya kununua dawa, nilipima kebo, kwani kebo mbovu inaweza kuifanya dawa nzuri ionekane bure. Nilikata kipande kidogo mwishoni na kukwangua waya kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo imejaa madukani kwa sababu ya bei yake, hung'aa nyeupe mara rangi ya juu inapokwanguliwa, na ina ukinzani mkubwa kuliko shaba kwa zaidi ya nusu. Zile omu 7.5 zingekuwa kama 12, na akses pointi ileile ya wati 18 ingevuta miliampea 420 na kupoteza zaidi ya wati 2 njiani. Kebo tano kati ya sita zilikuwa za shaba. Ya sita, iliyoongezwa baadaye kwenda kwenye paa, ilikuwa nyeupe. Ugavi wa umeme wa swichi nao unastahili kutazamwa kwa sababu kapasita zake huchoka kwa miaka na joto. Volti zikishuka kutoka 48 hadi 45, wati 18 zilezile zinahitaji miliampea 430 badala ya 400. Wetu ulikuwa bado unatoa 48 na nukta kidogo.

Dawa kamili ni swichi mpya ya 802.3at, lakini kubadilisha swichi ya poti 24 kwa ajili ya vifaa sita hakukumfurahisha mwenye nyumba, nami sikuona sababu ya kumlazimisha. Tulinunua injekta sita za wati 30. Injekta ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya swichi na akses pointi: kinapokea data kutoka kwenye swichi, kinapokea umeme kutoka kwenye tundu la ukutani, na kuvipeleka vyote kwenye kebo moja. Dukani mtu asiangalie wati peke yake. Zipo injekta za volti 24 zisizouliza chochote, zinazotoa umeme mara tu zinapochomekwa, na hizo ni za vifaa vya aina nyingine. Akses pointi ya 802.3at haiwaki nazo. Herufi za kutafuta kwenye lebo ni 802.3at.

Injekta ya kwanza ilipofungwa, akses pointi ya ghorofa ya pili ilibaki kwenye hali ya umeme mdogo, na kwa dakika kumi nilidhani nimeuziwa feki. Swichi ndiyo iliyokuwa bado inasema. Injekta haigusi data, kwa hiyo ujumbe wa LLDP kutoka kwenye swichi ulipita ndani yake kama kawaida, ukiitangazia akses pointi kwamba poti hii ni ya wati 15.4, na akses pointi ilimwamini msemaji badala ya mtoaji. Nilizima umeme kwenye poti hiyo ya swichi ili isiwe na la kutangaza:

```
interface Fa0/7
 power inline never
```

Kisha nikachomoa kebo upande wa akses pointi na kuichomeka tena ili daraja liulizwe upya. Safari hii iliulizwa mara mbili, na ukurasa wake ukaonesha 802.3at na antena nne, bila tiki yoyote kwenye kile kisanduku. Tano kati ya sita zilikaa hivyo. Ile ya paa niliiacha imejibana kwenye wati 13 mpaka kebo yake ya aluminiamu ibadilishwe, na kwenye daftari la mapokezi dada aliandika, mbele ya namba ya ngazi ya paa, "kebo mpya, baada ya mwezi wa msimu".